Mti wa Krismasi uliolala stoo miaka sita: jinsi ya kuutakatisha bila kuuozesha

Wiki ya kwanza ya Desemba mama mmoja wa Raskazoni alinishushia kwa bajaji mti wa Krismasi wa futi sita, mashada mawili marefu ya kijani na shada la mviringo la kutundika mlangoni. Vilikuwa juu ya kabati la stoo miaka sita. "Mwanangu, vitie tu kwenye beseni la sabuni vitakate," akaniambia. Nikamwomba aniachie siku tatu.

Ukitaka kujua kwa nini sikukimbilia beseni, shika tawi moja ulisogeze karibu na jicho. Majani yale membamba ya plastiki hayakugundishwa kwa gundi. Yamebanwa katikati ya nyaya mbili za chuma zilizosokotwa kama kamba. Maji yakiingia kwenye ule msokoto hayatoki upesi, na hewa yetu ya Tanga ina chumvi na unyevu. Chuma kinashika kutu kutokea ndani, msokoto unalegea, na mwakani mti unapukutika kama mvinje. Mimi mwaka wangu wa kwanza wa upambaji nilitumbukiza mashada yote kwenye maji ya kisima na kuyaanika juani. Yalitakata, hilo siwezi kukataa. Msimu uliofuata nikayalaza kwenye meza kuu ya harusi kule Makorora, yakaacha mistari ya kutu kwenye kitambaa cheupe, na kitambaa nikakilipa mimi.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni kukavu kwanza, maji kidogo baadaye, na upepo mwingi mwishoni.

Hatua ya 1: Toa vumbi likiwa kavu

Fanya kazi hii uani, si sebuleni. Tandika turubai, vaa barakoa na glavu, na watoto wakae mbali. Miti mingine ya plastiki ya zamani ilitiwa madini ya risasi wakati wa kutengenezwa, na plastiki ikichakaa risasi hiyo hutoka pamoja na vumbi. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Kama mti una vimulimuli, chomoa waya kwenye umeme na uvivue. Vilivyofungwa kiwandani visivyotoka, viache, lakini mti huo maji usiyaonje. Utausafisha kwa brashi na kitambaa kikavu tu. Mti wenye theluji ya bandia nao ni hivyo hivyo, kwa kuwa theluji ile huvimba na kubanduka ikilowa.

Kisha chukua brashi ya rangi ya inchi mbili, mpya na laini. Anza juu ya mti ukishuka, na kila tawi lifagie kutoka kwenye shina kwenda kwenye ncha. Ukifagia kinyume unayakunja majani na vumbi unalisukumia kwenye msokoto. Mti wa yule mama ulinichukua saa nzima kwa brashi peke yake, na vumbi lililobaki kwenye turubai lilijaa kopo la rangi la nusu lita. Fikiria hilo lote lingelowa: ungekuwa na tope, na tope kwenye msokoto halitoki tena.

Hapa ndipo utakapokutana na wapangaji. Kinyesi cha mjusi kafiri utakijua kwa ncha yake nyeupe. Kibandue kikiwa kikavu kwa kijiti, maana kikilowa kinajipaka kwenye jani. Mayai ya mende ni vifuko vya kahawia vilivyonata kwenye waya; yatoe kwa kibano.

Hatua ya 2: Tofautisha vumbi na ukungu

Vumbi likifagiwa linaondoka lote. Ukungu unaacha madoa, meupe au meusi, na ukinusa karibu unasikia harufu ya nguo iliyokaa na maji. Usiupige brashi, utaupeperusha. Changanya siki nyeupe na maji kiasi sawa, lowesha kitambaa, kamua, pangusa pale penye doa, subiri dakika kumi, halafu pangusa tena kwa maji safi ili siki isibaki kwenye waya. Jiki mimi siitumii: inapausha rangi na inakula chuma. Na kamwe usiichanganye na siki, mvuke wake ni sumu.

Shada la mlangoni la yule mama lilikuwa na kiini cha nyasi zilizofungwa, na ukungu ulikuwa umeingia ndani kabisa. Hilo halisafishiki. Nilinyofoa maua na utepe, nyasi nikazitupa, nikayafunga maua kwenye duara jipya la waya.

Hatua ya 3: Maji, kwa kitambaa tu

Kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu tia nusu kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo. Maji yasiwe ya moto, plastiki italegea na gundi ya maua itaachia. Yawe ya bomba. Ya kisima chenye chumvi yatakuachia weupe juu ya majani na kuita kutu. Kamua kitambaa mpaka kisidondoke, likunje tawi ndani ya kiganja, vuta kuelekea kwenye ncha. Maji yakiwa ya kijivu, badilisha. Rudia kwa kitambaa cha maji matupu.

Maua ya kitambaa yajaribu kwanza. Lile ua jekundu la shada nililigusa kwa pamba nyeupe iliyolowa, nyuma ya petali ambapo hapaonekani, nikahesabu mpaka kumi. Pamba ikageuka ya waridi. Ua la namna hiyo ukiliosha litatia rangi kila kilicho jirani yake, kwa hiyo nililimalizia kwa brashi ya kupakia poda. Wapo wanaoyatia maua kwenye mfuko wenye chumvi na kutikisa. Chumvi inasugua vumbi kweli, lakini punje zikibaki kwenye waya, kutu umeialika mwenyewe.

Plastiki ikibaki inanata hata baada ya kupangusa mara mbili, si uchafu tena. Ni mafuta ya kulainishia yaliyomo ndani ya plastiki yanayotoka kwa uzee, na hakuna sabuni itakayoyazuia. Tawi hilo liweke nyuma, upande wa ukutani.

Hatua ya 4: Kausha na kunyoosha

Anika kivulini penye upepo. Jua kali linapausha na kuifanya plastiki ivunjike. Kaskazi ikivuma siku moja inatosha. Wakati wa kusi, wenye mvua na unyevu, mimi hungoja siku mbili. Kupima, zungushia tishu kwenye shina la tawi na uibane kwa nguvu. Ikitoka na unyevu au rangi ya kahawia, bado.

Majani yaliyolala yapulizie kwa draya ya nywele, moto mdogo, umbali wa shibiri moja, huku vidole vikiyachanua. Ukisikia harufu ya plastiki, umekaribia mno. Waya ulioanza kutu usugue kwa msasa laini, uupake rangi ya mafuta ya kijani.

Yule mama alipokuja siku ya tatu, alichungulia ndani ya matawi kisha akaniuliza mashina mapya nimeyapata wapi. Nilimwonyesha kopo la vumbi, nikamfungia mti kwenye boksi la karatasi badala ya ule mfuko wake wa nailoni, na kumwambia asiliweke sakafuni.