Somo: Kupunguza michirizi ya ngozi kwenye picha ya bichi bila kumgeuza mtu sanamu

Haya jamani, niliahidi hili somo tangu kusi haijaanza na nimechelewa, mniwie radhi. Leo natumia picha moja tu mwanzo mpaka mwisho. Mteja kaniruhusu kueleza kazi yenyewe ila picha nzima siweki, mtanisamehe.

Tulipiga Silversands hapa Malindi, saa moja asubuhi, jua limetoka baharini halijapanda bado. Mteja ni mama wa watoto wawili, anatimiza miaka 40, kavaa kostyumu ya vipande viwili rangi ya chungwa. Kabla sijatoa kamera kwa begi akaniambia, "Hii michirizi ni ya wanangu, usinifutie yote nikawa si mimi, lakini isiwe ndo kitu cha kwanza mtu anaona." Hiyo sentensi nimeiandika kwa karatasi nikaibandika chini ya skrini, maana ukiwa unaediti saa mbili mfululizo unasahau uliambiwa nini, mkono unajiendea tu.

Kwanza elewa michirizi inaonekana kwa nini. Kwa ngozi zetu nyeusi, mchirizi wa zamani huwa umepauka kuliko ngozi ya jirani yake. Ule mpya ndo huwa na wekundu ama umeiva kahawia. Halafu kila mmoja ni kibonde kidogo, kwa hivyo jua la asubuhi likija la ubavuni, ukingo mmoja unang'aa na mwingine unaingia kivuli. Ina maana tatizo kubwa ni tofauti ya mwanga. Ndo maana mimi sifuti wala siblaa, nasogeza mwanga wa mstari ukaribiane na jirani yake, basi.

Kabla ya brashi

Fungua faili ya RAW, rekebisha mwanga na rangi ya jumla, halafu ipeleke Photoshop ikiwa 16 Bits/Channel, kwa sababu tutapaka kidogokidogo sana na ukiwa 8 ngozi laini inaweza kuvunjika ngazi ngazi. Ile slaida ya Texture iacheni jamani! Naona watu wanaivuta mpaka -40, mwili mzima unakuwa kama kandambili mpya.

Tengeneza leya tupu, chukua Spot Healing Brush, weka tiki Sample All Layers, toa vitu vya kupita: chembe za mchanga, alama ya mbu, kipele cha wembe. Michirizi usiiguse na hii kitu, inakopi ngozi ya pembeni na ukiirudia mara kumi unaona kiraka kilekile kimejirudia kama kitenge, na karibu na ukingo wa kostyumu inavuta kitambaa mpaka kwa ngozi.

Leya mbili za Curves

Weka Curves ya kwanza, shika katikati ya mstari ushushe kidogo, Input 128 iwe Output 108 hivi. Iite "giza". Weka ya pili, 128 ipande 148, iite "mwanga". Bonyeza maski ya kila moja halafu Ctrl+I, maski inakuwa nyeusi na picha inarudi kama ilivyokuwa. Zitie zote mbili kwa grupu moja, mtaona faida yake mbele.

Juu kabisa weka leya ya Black & White ya kukusaidia kuona. Rangi ikitoka, jicho linabaki na mwanga na giza peke yake, na mstari uliokuwa umejificha unajitokeza. Hii ni miwani tu, utaizima mwisho, msije mkasevu nayo (nishafanya, nikampelekea mteja picha nyeusi na nyeupe ambayo hakuiomba).

Kupaka

Hapa ndo kazi ilipo, hapa msikimbie. Brashi laini, Hardness 0, Opacity 100%, Flow 3%, rangi nyeupe. Saizi iwe sawa na upana wa mchirizi ama ndogo kidogo, kwa hii picha ya upana wa pikseli 6000 mistari ya tumboni ilikuwa kama pikseli 12 nikatumia brashi ya 10. Zumu iwe 100%. Ukienda 300% utaanza kupigana na vinyweleo, na hakuna binadamu atakayeiangalia picha kutoka huko.

Simama kwa maski ya "giza", fuata mstari kwa urefu wake, nyanyua mkono, rudia. Mara ya kwanza na ya pili huoni kitu, usiongeze Flow, tulia, ya nne ama ya tano ndo unaona mstari umezama.

Mfano mmoja kamili. Chini ya kitovu upande wa kushoto kulikuwa na mchirizi mmoja mrefu, ndo uliokuwa unapiga kelele kuliko yote. Nilifungua Info nikaiweka isome HSB, nikazima ile leya ya Black & White kwanza. Mchirizi ulisoma B 58, ngozi ya jirani 49. Nikapita mara sita, ukafika 52, nikasimama. Hizo tatu zilizobaki ndo zinafanya jicho liamini kwamba hii ni ngozi. Ukisawazisha mpaka 49 kamili unapata utepe uliolala bapa, na vile vikunjo vidogo vya ndani ya mchirizi bado vipo, kwa hivyo inaonekana kovu lililopakwa fundesheni.

Kwenye mapaja hali ilikuwa tofauti kwa sababu jua lilikuwa la ubavu, huko kila mstari una ukingo wa mwanga na ukingo wa kivuli. Unapaka "giza" kwa ule unaong'aa na "mwanga" kwa ule wenye kivuli, nusu kwa nusu. Vibonde vya nyuma ya paja ni hivyohivyo, ila brashi kubwa kidogo, 40 hivi, na upite mara chache.

Ukimaliza zima leya ya Black & White uangalie rangi. Curves ikishusha mwanga huwa inakoleza rangi pia, kwa hivyo mistari uliyopaka inaweza kugeuka ya machungwa. Weka leya tupu juu, badilisha blend mode yake iwe Color, bonyeza Alt uchukue rangi ya ngozi ya jirani, pakaa Flow 5%. Chukua jirani wa karibu kabisa, maana rangi ya kiuno si rangi ya paja, na pale chini mchanga unarudisha mwanga wa njano kwa miguu.

Umbo

Umbo la mwili kwenye picha linashikwa na vivuli vikubwa: kivuli chini ya tumbo, mkunjo wa kiuno mtu akigeuka, ule weusi unaozunguka kutoka nyonga kwenda paja. Mimi mwaka wa kwanza nilichukua brashi ya 300 nikasawazisha paja la mteja mmoja, nikajiona fundi, yeye akaangalia akaniuliza, "Mbona mguu wangu umekuwa kama ubao?" Nilikuwa nimeondoa kivuli kinachouviringisha. Tangu siku hiyo brashi yangu kwa michirizi haipiti upana wa mstari, na Liquify sifungui kabisa.

Mwisho punguza picha iwe 25%, bofya jicho la grupu, zima washa. Ukiona mistari inatulia lakini tumbo halisogei, umepatia. Ukiona tumbo limepungua ama limejaa ghafla, kuna kivuli umekigusa, rudi kwa maski upake nyeusi hapo. Halafu acha ukanywe chai, rudi, ushushe Opacity ya grupu. Mimi hii niliishusha mpaka 75%, nikiwa nimechoka huwa nazidisha.

Maswali leteni.

Mpigapicha wa Mambrui: Kaka, kwa nini usitumie ile ya kutenganisha leya, moja ya rangi moja ya vinyweleo? Mbona ni haraka.

Haraka ni kweli bro. Shida ni kwamba mchirizi wa pikseli 12 uko katikati. Ukiweka Gaussian Blur ya 6 ama 8 wakati wa kutenganisha, nusu ya mchirizi inaingia leya ya chini na nusu inabaki ya juu. Ukilainisha ya chini, wa juu bado anakuangalia, kwa hivyo unaongeza na kuongeza mpaka vivuli vya umbo vinaondoka. Naitumia kwa wekundu wa jua mabegani, hapo inafaa.

Bi Mwanasha: Mwalimu mimi sina laptopu, nina simu tu. Nifanyeje?

Dada, Snapseed ina Brush, ndani yake kuna Dodge & Burn. Weka -5, zumu sana maana brashi yake haibadiliki saizi, ukizumu ndo inakuwa nyembamba kwa picha. Kubali kwamba hutapata maski ya kurudi nyuma vizuri, kwa hivyo fanya mistari mitatu minne inayoonekana zaidi uache mingine. Ukiazima kompyuta ya mtu, Photopea inafunguka kwa brauza na Curves zake zinafanya kazi namna hii hii.

Chalii wa Shela: Nimefuata kila kitu lakini ngozi imekuwa chafu, madoa madoa ya kijivu.

Hiyo brashi yako ni pana kuliko mstari, umepaka giza mpaka kwa ngozi nzuri. Ama ulizumu sana. Usianze upya, shika maski ya "giza", rangi nyeusi, Flow 10%, safisha kati ya mstari na mstari. Na angalia kama mteja alikuwa amepaka mafuta ya nazi, ule mng'ao si mchirizi, ukiupaka giza unakuwa kijivu hasa. Mng'ao uache.

Mama Rukia: Na akitaka tumbo lipunguzwe kabisa? Mimi wangu wote wanataka hivyo.

Mama, pesa ni yake na mwili ni wake, siwezi kumkatalia mtu kwa ubishi. Ila mimi humpelekea kwanza hii ya 75% bila kusema kitu. Wengi hawarudi na ombi la tumbo, kumbe kilichowasumbua kilikuwa mistari. Akirudi namwambia sifanyi hiyo, namuelekeza kwa mwenzangu anayefanya. Kupiga tena ni rahisi zaidi: ageuke robo, uzito kwa mguu wa nyuma, jua limpige mbele badala ya ubavuni, na nusu ya michirizi hata haitoki kwa picha.

Mpigapicha wa Mambrui: Naweza kukopi hizo maski kwa picha zingine za siku hiyo?

Hapana, akisogea hata kidogo mistari imehama. Curves zenyewe kopi, maski paka upya. Mimi picha 30 za kupeleka, hii kazi nafanya 5 ama 6 alizochagua mwenyewe, na bei yake naitaja mapema.