Chora njia ya ankara ujue inakwama wapi: mfano wa ofisi ya shamba la mkonge Tanga

Muuza vipuri wa Ngamiani akipiga simu kwa mara ya tatu kuulizia hela yake, jibu la ofisini huwa lile lile: "Ankara iko kwa mkurugenzi." Mara nyingi anayejibu hajaifuatilia karatasi yenyewe. Chati mtiririko yenye tarehe inaweza kuonyesha ilikolala, na mara nyingi ni mahali ambapo hakuna aliyepatilia shaka.

Natumia mfano wa shamba la mkonge lililoko Muheza, lenye ofisi ya uhasibu Tanga mjini. Tarakimu ni za mfano, lakini mpangilio huu ni wa kawaida popote ambapo stoo na uhasibu haviko chini ya paa moja.

Hatua ya 1: Kusanya ankara kabla ya kuongea na watu

Ukianza kwa kikao, utaelezwa utaratibu ulivyoandikwa, si unavyofanyika. Anza na faili. Toa ankara 20 hivi za aina moja. Hapa ni za vipuri vya korona, mashine ya kutoa nyuzi za mkonge: beringi, mikanda, boliti. Za umeme na maji ziache, maana hazipitii stoo.

Usichukue zilizolipwa peke yake. Faili la malipo lina ankara zilizofanikiwa kutoka tu. Zilizokwama bado ziko kwenye trei, na ndizo unazozitafuta. Chukua za faili, kisha ongeza zote za trei zilizo za aina hiyo hiyo. Ambazo hazijalipwa zipake rangi nyingine na uzihesabu kando, kwa sababu safari yake haijaisha.

Hatua ya 2: Ifuate karatasi moja, uchore

Gawa karatasi kubwa kwa safu, kila mhusika na yake: stoo, mhasibu, meneja, mkurugenzi, mlipaji. Duara refu ni mwanzo na mwisho, mstatili ni kazi inayofanyika, almasi ni swali la ndiyo au hapana. Watu wengi huishia hapo, na chati yao inatoka nzuri lakini haisemi lolote kuhusu muda. Ongeza alama ya kusubiri, yaani nusu duara iliyokaa kama herufi D, ambayo wahandisi wa viwanda wanaitumia tangu zamani. Ichore kila karatasi inapobadilisha mkono, hata kama mwenye meza anasema "hapa haikai."

Kwa shamba letu chati ilitoka hivi, kwa ufupi:

```
Mzigo wafika stoo -> hati ya kupokelea vifaa
  -> D1 -> mhasibu alinganisha nyaraka
  -> D2 -> meneja asaini
  -> D3 -> mkurugenzi aidhinisha
  -> mhasibu akagua risiti ya EFD  (sawa?)
        hapana -> yarudi kwa muuzaji
        ndiyo  -> D4 -> malipo
```

Ukishachora, ipeleke meza kwa meza na umwombe kila mtu akuonyeshe karatasi aliyoishika mwisho. Njia za mkato na za kuzunguka zitajitokeza hapo.

Hatua ya 3: Weka siku kwenye kila D

Tarehe hazitoki kwenye kumbukumbu za watu. Zitafute kwenye mhuri wa mapokezi, kwenye kitabu cha dispachi, na pembeni ya sahihi. Kwenye jedwali, B iwe siku karatasi ilipoanza kusubiri, C siku iliposhughulikiwa. Ofisi nyingi za Tanga zinafanya kazi Jumamosi, kwa hiyo tumia fomula inayotoa Jumapili pekee, na sikukuu uziorodheshe safu ya J:

```
=NETWORKDAYS.INTL(B2,C2,11,$J$2:$J$20)-1
```

Moja inatolewa kwa sababu fomula inahesabu siku zote mbili, ya kuanza na ya kuishia. Kisha chukua siku ya katikati kwa `MEDIAN`, usichukue wastani. Ankara moja iliyolala miezi miwili inaweza kuuharibu wastani wote.

Matokeo ya mfano wetu: D1 siku 5, D2 siku 2, D3 siku 1, D4 siku 3. Kazi yenyewe, yaani kulinganisha, kusoma, kusaini na kulipa, haifiki saa moja kwa ankara. Mkurugenzi aliyekuwa akilaumiwa ndiye mwepesi kuliko wote.

Hatua ya 4: Uliza ni siku gani ya wiki

Ukijua D1 ina siku 5, bado hujajua kwa nini. Huenda mtunza stoo amezidiwa, huenda ni jambo jingine kabisa. Tofauti utaiona kwa safu moja zaidi:

```
=WEEKDAY(C2,2)
```

Jumatatu ni 1, Jumapili ni 7. Tarehe zikitawanyika wiki nzima, mtu huyo ana foleni ya kweli, na dawa yake ni kumpunguzia kazi au kumwongezea msaidizi. Zikirundikana siku moja, kuna ratiba inayozizuia.

Kwa stoo ya Muheza karibu zote zilikuwa 6, Jumamosi. Ukitazama hati zenyewe, mtunza stoo alikuwa akizijaza siku ile ile mzigo ulipofika. Hana kosa. Hati zilisubiri gari linaloleta mjini taarifa za wiki. Ankara nayo, iliyoletwa Tanga na muuzaji kwa mkono, ilikaa kwenye trei ya mhasibu ikimngoja mwenzake. Ungemwajiri mtunza stoo wa pili, D1 ingebaki 5.

D4 ilikuwa hivyo hivyo: malipo ni Alhamisi tu. Ankara inayotoka kwa mkurugenzi Ijumaa inasubiri karibu wiki nzima, ya Jumatano inalipwa kesho yake.

Hatua ya 5: Fuata mishale ya kurudi

Hapa nakusihi usiharakishe. Kati ya ankara 20, 7 zilirudishwa: beringi 8 zimepokelewa lakini zimeandikwa 10, bei haifanani na ya oda, au namba ya mlipakodi ya kampuni imekosewa kwenye risiti ya EFD. Ambazo hazikurudi zilichukua siku 11 toka mwanzo hadi mwisho. Zilizorudi zilichukua 23.

Tazama ile almasi ya risiti ilipo. Iko baada ya sahihi mbili. Muuzaji akirekebisha, ankara mpya inaanza tena kwa meneja, kwa hiyo kosa la namba moja linalipiwa mara mbili. Isogeze almasi hiyo iwe pamoja na ulinganishaji wa mwanzo, na hata dirishani muuzaji anapoleta ankara, akiwa bado amesimama hapo na anaweza kuondoka nayo kurekebisha.

Hatua ya 6: Rekebisha, kisha pima D zile zile

Kwa D1, mtunza stoo apige picha hati na kuituma WhatsApp siku hiyo hiyo, mhasibu aanze kulinganisha. Nakala halisi ifuate kwa gari, na malipo yasitoke kabla haijafika. Anayeagiza mzigo asiwe ndiye anayetuma picha, kwa sababu picha ya hati ambayo mzigo wake haupo ni rahisi kutengeneza.

Kwa D4, ongeza Jumatatu kuwa siku ya malipo, kama fedha zinaruhusu. Meneja wa fedha akikuambia Alhamisi imewekwa makusudi ili kubakiza fedha benki, basi hilo ni uamuzi na si ucheleweshaji. Liandike kwenye chati na umwambie muuzaji tarehe ya kweli.

Baada ya mwezi, toa ankara nyingine 20 za vipuri, ujaze jedwali lile lile. Angalia D2 kwa makini. Ankara zilizokuwa zikifika kwa meneja kwa mkupuo baada ya gari sasa zitafika kila siku. Kama anasaini mara moja kwa wiki, siku zilizotoka D1 utazikuta zimehamia mezani kwake.