Somo: Mpasuo wa mgongoni na kona ya mshazari kwenye pindo la koti

Swali la kona ya ndani ya mpasuo linarudi kila mara, na kila nikilijibu kwa sentensi mbili mtu anashona, kona inavimba, kisha anarudi kuuliza tena. Kwa hiyo naliweka lote hapa, na atakayeuliza baadaye nitamwelekeza hapa.

Tuchukue koti la kiume lenye mpasuo mmoja katikati ya mgongo. Mpasuo una urefu wa sm 24 kutoka mstari wa pindo, pindo ni sm 4, na ziada ya mpasuo inayokunjwa kwenda ndani ni sm 5. Ninaposema kushoto au kulia, ni kushoto au kulia kwa mvaaji. Kwa kawaida, kwenye koti la kiume upande wa kushoto ndio unaokaa juu na wa kulia unapita chini yake.

1. Bandika gamu kwenye pindo na kwenye ziada ya mpasuo wa kushoto, ivuke kidogo mstari wa kukunja.

2. Shona mshono wa katikati kuanzia shingoni hadi mpasuo unapoanza, kisha geuza kitambaa sindano ikiwa imezama, ushone mshazari kushuka hadi ukingo wa ziada.

3. Kwenye kipande cha kulia peke yake, kata ziada ya mshono kwa ncha ya mkasi kuelekea pale ulipogeuza, ubakize mm 2 kabla ya uzi. Mshono wa juu sasa utafunguka pande mbili chini ya pasi, na ziada zote mbili za mpasuo zitalala kuelekea kushoto.

4. Kona ya mshazari, upande wa kushoto. Hapa ndipo makoti mengi yanayoletwa kwangu kurekebishwa yalipoharibikia, na sababu karibu siku zote ni moja: fundi amekunja kona kwa nyuzi 45 kwa mazoea, ilhali pindo na ziada ya mpasuo havilingani upana. Kwa vipimo vyetu, mshazari wa nyuzi 45 unafika ukingo wa pindo lakini unaishia sm 1 kabla ya ukingo wa mpasuo. Hapo inabaki ngazi ya kitambaa isiyo na pa kwenda. Bitana ikishaunganishwa inavutwa na ngazi hiyo, na kona inageuka nje kila mvaaji anapoketi.

Kwa hiyo usikisie pembe, pima. Piga pasi mstari wa pindo, piga pasi mstari wa kukunja mpasuo, kisha fungua yote mawili ili kitambaa kilale wazi. Mikunjo hiyo inakutana kwenye nukta moja, na hiyo ndiyo kona yako. Kwenye ukingo wa pindo, weka alama sm 5 kutoka mkunjo wa mpasuo, ukielekea ndani ya koti. Kwenye ukingo wa ziada ya mpasuo, weka alama sm 4 juu ya mkunjo wa pindo. Angalia kwamba vipimo vimebadilishana: ukingo wa pindo unapimwa kwa upana wa mpasuo, na ukingo wa mpasuo unapimwa kwa upana wa pindo. Sasa laza rula. Alama ya kwanza, kona na alama ya pili lazima ziwe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Zisipokuwa hivyo, rudia kupima kabla hujagusa mkasi.

Kunja kitambaa uso kwa uso hadi alama mbili zikutane, mkunjo ukipita kwenye kona. Shona kuanzia kona kwenda kwenye alama, lakini simama sm 1 kabla ya ukingo, kwa kuwa nafasi hiyo ndiyo itakayopokea mshono wa bitana. Pale konani usishone hata tundu moja kuvuka nukta, kwa sababu tundu hilo linaonekana nje kama kishimo. Geuza kwanza, utazame, kisha ndipo urudi kupunguza kitambaa hadi mm 7, na karibu na ncha upunguze zaidi. Fungua mshono kwa pasi juu ya kijiti chembamba cha mbao, ugeuze tena, na usukume ncha kwa kijiti hicho. Ncha ya mkasi hutoboa.

5. Upande wa kulia hauhitaji mshazari. Kunja pindo kwenda nje uso kwa uso, shona ukingo kwa sm 1, geuza. Upande huu uwe mfupi kuliko wa kushoto kwa mm 2, usije ukachungulia kwa chini.

6. Shika pindo kwa mkono, uzi ukiokota nyuzi chache tu za kitambaa, na usivute.

7. Unganisha bitana. Kumbuka kwamba ukiitazama kwa ndani pande zinageuka, kwa hiyo ijaribu juu ya koti kwa pini kabla ya kuikata nafasi ya mpasuo. Bitana ibaki na mkunjo wa sm 1 wa kupumua juu ya pindo.

MASWALI

Mwanachama, Mbagala: Fundi, kona yangu imekuwa mbaya. Tatizo nini?

Jibu: Hukutaja vipimo wala hukusema kama alama na kona zilikaa kwenye mstari mmoja. Rudi hatua ya 4.

Mwanachama, Mbagala: Sikupima, nilikunja kwa macho nikakata.

Jibu: Basi hapo hakuna kona ya kurekebisha. Kama una kitambaa kilichobaki, kata upya kipande cha mgongo wa kushoto.

Mwanachama, Tabata: Shikamoo fundi. Kama pindo ni sm 4 na ziada ya mpasuo pia ni sm 4, bado napima?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pima tu. Upana ukilingana, alama zenyewe zitakupa nyuzi 45, na utakuwa umehakikisha badala ya kuamini. Mwenye koti akiomba pindo liongezwe hadi sm 5, njia ni ileile.

Mwanachama, Kigamboni: Mshono wangu wa mgongo umeingia kiunoni, na chini mpasuo haukutani na pindo kwa pembe mraba. Alama zinakataa kukaa kwenye mstari mmoja, ingawa nimepima mara nyingi.

Jibu: Umeona jambo la kweli, dada. Mstari mmoja ulionyooka hupatikana pembe ikiwa ni ya mraba tu. Kwako usipime kwa rula. Kunja pindo, kunja mpasuo juu yake, vyote vikiwa vimelala vizuri, kisha weka alama kwenye kingo zote mbili pale zinapovukana. Fungua, unganisha alama hizo, shona hadi konani. Ila tazama kwanza kama unaweza kurekebisha mstari wa pindo uwe mraba kwa mpasuo, maana pembe isiyo ya mraba huonekana pande mbili zikilaliana.

Mwanachama, Kinondoni: Koti limekamilika, kona nzuri, lakini mpasuo unaachama mvaaji akisimama wima.

Jibu: Kagua nyonga kabla ya kulaumu kona. Koti likibana nyongani, mpasuo hufunguka hata ushonwe vipi. Fungua mishono ya ubavuni ukitoa nusu sentimita kila upande, ulijaribu tena mwilini. Ukimaliza, lifunge mpasuo kwa bandi mbili zilizopishana wakati wa pasi ya mwisho, na mwambie mteja azitoe kabla ya kuvaa.

Mwanachama, Tabata: Alama zangu za chaki ya nta ziliyeyuka kwa pasi zikaacha doa kwenye kitambaa cha rangi ya maziwa.

Jibu: Kwa rangi nyepesi tumia kipande chembamba cha sabuni nyeupe iliyokauka. Ukingo wake huchora mstari mwembamba, na alama hutoka kwa kitambaa chenye unyevu. Kwenye kona, chora upande wa ndani tu.