Somo: Vipengele vitatu vya kusikiliza kwenye mkataba wa Kiingereza wa kiwanja

Tuchukue kiwanja cha Njiro, Arusha, chenye hati, bei sh. 40,000,000. Mwombe wakili wako akusomee mkataba kwa sauti, nawe ushike kalamu.

Hatua ya 1: "taito". Si ile karatasi, ni haki yenyewe. Ardhi ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, kwa hiyo unanunua haki ya kumiliki kwa muda. Hati ya miaka 33 iliyoanza Julai 1998 inaisha Juni 2031. Mkataba ukisema anauza "haki yoyote aliyo nayo muuzaji", kata. Akiwa hana kitu, amekuuzia hicho hicho. Iandikwe kwamba yeye ndiye mmiliki aliyesajiliwa, pamoja na namba ya hati, kitalu na kiwanja.

Hatua ya 2: "inkambransi". Ni mzigo ulioikalia haki hiyo: rehani, zuio, mpangaji, njia ya jirani. Kipengele huanza vizuri, kwamba hakuna mzigo wowote, halafu mkiani kinaongeza "isipokuwa yaliyotajwa kwenye jedwali". Fungua jedwali hapo hapo. Kwa kiwanja chetu kuna rehani ya benki, deni sh. 12,000,000. Ukisaini bila kusema nani atalilipa, umepokea kiwanja na rehani yake. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kusaini, na urudie siku chache kabla ya kulipa, maana zuio linaweza kuingia katikati. Upekuzi hautakuonyesha mpangaji aliyemo ndani wala mke asiyeandikwa kwenye hati. Ridhaa ya mwenza iambatishwe, na kiwanjani ufike mwenyewe.

Hatua ya 3: "komplishen". Ni siku hela inakwenda na nyaraka zinakuja. Panga hivi: 4,000,000 siku ya kusaini, 12,000,000 moja kwa moja benki, nayo itoe hati ya kufuta rehani, 24,000,000 kwa muuzaji akikukabidhi hati halisi, fomu ya uhamisho aliyoisaini na kiwanja kikiwa kitupu. Siku zihesabiwe tangu kibali cha uhamisho kitoke, si tangu kusaini. Mkataba ukisema muda ni sharti la msingi, kuchelewa hata siku moja kunaweza kukupotezea zile milioni nne.

Maswali ya wanachama

*Wakili, komplishen ikipita si nimeshakuwa mmiliki?*
Bado, ndugu. Kwa ardhi iliyosajiliwa, haki inahama uhamisho ukisajiliwa. Peleka nyaraka mara moja, na mkataba utaje nani analipa ushuru wa stempu na nani kodi ya ongezeko la mtaji. Hiyo ya pili ni ya muuzaji, ila wajanja huisukuma kwako.

*Shikamoo. Mimi nanunua sehemu ya kihamba, Moshi vijijini. Hati hakuna, ila mkataba unasema "taito".*
Marahaba mama. Hapo neno halina pa kusimama. Waandike haki ya kimila, mipaka kwa majina ya majirani, na malipo yasubiri idhini ya halmashauri ya kijiji kwa maandishi. Sahihi ya mwenyekiti peke yake si idhini ya halmashauri.