Kumwandikia mwanzilishi wa kampuni changa baada ya habari za kupanuka: namna ya kuufunga ujuzi wako mmoja na upanuzi wake

Kwa miaka minne nilikuwa msaidizi wa mkurugenzi katika kampuni changa moja ya Arusha, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kufungua barua pepe zake kila asubuhi kabla hajafika ofisini. Kampuni ilipanuka mara mbili nikiwa pale, na kila habari ilipotoka, barua za kuomba kazi zilifurika. Karibu zote zilisema yale yale: hongereni, mimi ni mchapakazi, naambatisha wasifu wangu. Zile chache ambazo mkurugenzi aliniagiza nimwekee mezani ziliandikwa na watu waliokuwa wameisoma habari yenyewe, wakaona ni kazi gani itakayoelemewa na upanuzi ule, kisha wakataja ujuzi mmoja unaoigusa kazi hiyo hiyo.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni wa binti wa Moshi niliyemsaidia kuandika, nami nimebadilisha mambo machache ili yeye na kampuni wasitambulike. Kampuni ilikuwa inanunua parachichi kwa wakulima wa Hai na Siha, na kuzifungasha karibu na Usa River. Habari ilisema kwamba itafungua kituo cha kukusanyia Njombe, na kwamba itatoka wakulima 600 hadi 2,000 katika mwaka mmoja.

Hatua ya 1: Isome habari ukitafuta kinachoongezeka

Neno kupanuka hubeba mambo mengi. Kampuni inaweza kuwa imepata mtaji tu, au imeongeza eneo, au imeanza bidhaa mpya. Habari ya mtaji peke yake haikuambii kazi gani inakuja, kwa hiyo usiiandikie mpaka upate maelezo ya fedha hizo zitatumika wapi. Katika mfano wetu yapo mambo mawili ya wazi: idadi ya wakulima itazidi mara tatu, na nusu ya kazi itahamia mbali na macho ya mwanzilishi. Hai anaweza kwenda asubuhi, akamaliza mgogoro kwenye mizani na kurudi jioni. Njombe hawezi.

Hatua ya 2: Tafuta kazi itakayoelemewa

Hapa ndipo ninapoomba mtulie, kwa sababu barua nyingi huharibikia hapa hata kabla hazijaandikwa. Jiulize: ni kazi gani leo inafanyika kwa kumbukumbu ya mtu mmoja, kwa daftari, au kwa kupigiana simu, ambayo idadi ikizidi mara tatu haitawezekana tena kwa njia hiyo?

Kwa kampuni inayonunua mazao, moja ya kazi hizo ni malipo. Mkulima hupima mzigo, hupewa risiti ya mizani, kisha hulipwa kwa simu. Wakulima wakiwa 600 wa wilaya mbili jirani, karani anawajua wengi kwa sura. Anajua kwamba mzee fulani hutumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha mwanawe, na kwamba mama fulani ana namba mbili. Wakifika 2,000, nusu yao wakiwa mkoa asioufahamu, jina lililo kwenye risiti halitalingana na jina lililo kwenye laini, fedha zitakwenda kwa asiyehusika au zitarudi, na siku ya malipo mlango wa kituo utajaa watu wenye hasira. Mkulima aliyecheleweshewa malipo mara mbili humpelekea mzigo mnunuzi mwingine, na hapo upanuzi wenyewe unakwama.

Binti yule alikuwa amefanya kazi misimu mitatu katika chama cha msingi cha ushirika wa kahawa, Moshi Vijijini, na kazi yake ilikuwa hiyo hasa: kulinganisha risiti za mizani na malipo ya simu.

Hatua ya 3: Chagua ujuzi mmoja na uupime

Binti yule alitaka kutaja pia uandishi wa ripoti, huduma kwa wateja na usimamizi wa mitandao ya kijamii. Nilimsihi aviache vyote. Mwanzilishi anayesoma ujuzi wa aina tano analazimika kufikiri yeye mwenyewe ni upi unaomfaa, na kwa wakati ule hana nafasi hiyo.

Kipimo changu ni hiki: ujuzi uliouchagua uweze kuelezwa kwa kitendo, mahali, na hali ya kabla na baada. Kusema kwamba una uzoefu wa fedha hakutoshi. Yeye alipopekua daftari lake aliona kwamba katika msimu wa kwanza, kati ya wanachama 340, malipo 41 yalirudi au yalilalamikiwa katika awamu moja. Msimu uliofuata alianza kuhakiki namba kabla ya siku ya mizani: alilinganisha jina la daftari na jina linaloonekana kwenye skrini kabla ya kuthibitisha kutuma fedha, na pale yalipotofautiana alimwita mkulima aandike ridhaa ya kulipwa kupitia laini ya ndugu yake. Katika awamu kama ile, malipo yenye tatizo yalikuwa 6. Namba hizo mbili zilitosha.

Kama kumbukumbu huna, usibuni namba. Mwanzilishi makini atakuuliza ulivyozipata katika dakika tano za kwanza za mazungumzo.

Hatua ya 4: Andaa kielelezo cha ukurasa mmoja

Tengeneza jedwali dogo linaloonyesha jinsi unavyofanya kazi hiyo, lenye majina na namba za simu za kubuni. Usitume orodha halisi ya wakulima wa ulikotoka, hata kama unayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa hizo, na zaidi ya hapo, mwanzilishi ataona kwamba siku moja utazitoa na za kwake.

Hatua ya 5: Andika ujumbe

Huu ndio ujumbe alioutuma, wenye kichwa cha habari kisemacho: *Malipo ya wakulima 2,000: uhakiki wa namba kabla ya mizani*.

> Ndugu Mkurugenzi,
>
> Habari za kazi. Nimesoma kwamba mnafungua kituo Njombe na mtafikia wakulima 2,000. Hongereni.
>
> Nimelinganisha risiti za mizani na malipo ya simu kwa misimu mitatu katika chama cha ushirika wa kahawa, Moshi Vijijini. Tulipoanza kuhakiki namba na majina kabla ya siku ya mizani, malipo yaliyorudi au kulalamikiwa yalipungua kutoka 41 hadi 6 kwa wanachama 340. Nadhani uhakiki huo utahitajika zaidi Njombe, ambako makarani wenu watakuwa hawajawazoea wakulima.
>
> Nimeambatisha ukurasa mmoja unaoonyesha hatua ninazofuata. Majina yaliyomo ni ya kubuni. Je, naweza kukupigia kwa dakika 15 wiki ijayo, Jumanne au Alhamisi, nikueleze jinsi ya kuufanya wakati wa kusajili wakulima wapya?
>
> Wako katika kazi,

Chini yake aliweka jina kamili, namba ya simu na neno Moshi. Angalieni kwamba pongezi ni neno moja, kwamba hakuna mahali alipoandika "naomba kazi", na kwamba dai lake kuhusu Njombe limeanza na neno nadhani, kwa sababu ndani ya kampuni ile hakuwahi kuingia. Ombi lake nalo ni dogo na lina siku, hivyo linajibika kwa mstari mmoja.

Hatua ya 6: Tuma kwa wakati na kwa njia inayofaa

Kwa nilivyoona, siku mbili za kwanza barua huzama katika pongezi, na baada ya wiki tatu ajira huwa zimekabidhiwa kwa mtu mwingine. Mimi huchagua kati ya siku ya tatu na ya kumi. Barua pepe ni bora kuliko ombi la kuunganishwa LinkedIn, ambako nafasi ya maelezo ni finyu mno kwa ujumbe kama huu. Namba yake binafsi ya WhatsApp uliyopewa na rafiki usiitumie. Usipojibiwa, kumbusha mara moja tu baada ya siku saba za kazi, kwa sentensi mbili juu ya ule ule ujumbe wa awali.

Binti yule alijibiwa siku ya nne. Hakupewa ajira mara moja. Alipewa mkataba wa miezi miwili wa kuhakiki usajili wa wakulima wa Njombe.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

Mwanachama wa Boma Ng'ombe: *Dada, asante kwa somo. Mimi ni fundi wa vyumba vya baridi, na sijawahi kuandika namba yoyote. Nifanyeje?*

Kaka, namba zako zipo kwenye mashine. Kama chumba cha parachichi huwekwa nyuzi 6, anza leo kuandika mzigo unapoingia saa ngapi na chumba kinarudi nyuzi 6 saa ngapi. Baada ya wiki tatu, safisha kondensa, rekebisha mipira ya mlango, kisha upime tena kwa mzigo unaolingana na ule wa kwanza. Tofauti ya saa hizo ndiyo sentensi yako. Lakini uitume tu kwa kampuni ambayo habari yake inataja kituo kipya chenye chumba cha baridi.

Mwanachama wa Sakina, Arusha: *Mwanzilishi ni mgeni. Nimwandikie kwa Kiswahili?*

Fuata lugha aliyoitumia kutangaza habari yake. Kama alitangaza kwa Kiingereza, andika kwa Kiingereza chepesi, na umwombe mtu mmoja akisome kabla ya kutuma. Mpangilio unabaki ule ule.

Mwanachama wa Hai: *Nimesikia wakulima wa kijijini kwetu wakilalamika kwamba kampuni ninayotaka kuiandikia inachelewesha malipo. Je, si vizuri nilitaje ili aone kwamba nalijua tatizo?*

Naomba usilitaje, ndugu yangu, ingawa najua linakuuma kwa kuwa ni majirani zako. Huna ushahidi wa sababu: huenda fedha zilichelewa kwa mnunuzi wa nje, huenda ni namba zisizolingana. Mwanzilishi aliyeanza kwa kushutumiwa na asiyemfahamu atajitetea, na ujuzi wako hautasomwa. Eleza kazi inavyofanyika vizuri, kama binti yule alivyofanya. Malalamiko ya wakulima yapelekwe na wakulima wenyewe kupitia kikundi chao, wakiwa na risiti mkononi, na wewe unaweza kuwasaidia kuziorodhesha.

Mwanachama wa Moshi mjini: *Nilijibiwa kwamba nitume wasifu kwa ofisi ya rasilimali watu. Je, ndiyo nimekataliwa?*

Hapana. Tuma siku hiyo hiyo, na uanze na sentensi moja inayosema kwamba mkurugenzi amekuelekeza kwao baada ya ujumbe wako wa tarehe fulani, kisha uuweke ujumbe wenyewe chini yake. Usiandike kwamba amekupendekeza. Watamwuliza, naye atakumbuka kwamba alichofanya ni kukuelekeza tu.