Soko limehama, wateja wamekata mguu: jinsi ya kuyarudisha mauzo ya duka

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa likiuza 100 kwa siku. Hiyo 100 ni kipimo tu, weka hesabu zako mwenyewe. Soko la jirani limehamishwa na mauzo yameshuka hadi 40.

Hatua ya 1: Jua pengo halisi. Katika kila 100 ya mauzo, bidhaa zilinunuliwa kwa 75, hivyo faida ghafi ni 25. Kodi ya pango, mishahara na umeme vinakula 15 kila siku. Gawa 15 kwa 0.25, unapata 60: hapo ndipo duka halipati faida wala hasara. Basi lengo la kwanza ni 60, si 100. Kwa sasa unapungukiwa faida ghafi ya 5 kwa siku.

Hatua ya 2: Tenganisha wateja. Aliyeingia kununua kufuli kwa sababu duka lilikuwa njiani hatarudi, usimkimbize. Fundi anayekufahamu ni mwingine. Pitia daftari la mauzo, uandike jina lake, simu, anachochukua na huchukua kila baada ya siku ngapi. Aliyezoea kuja kila siku 7, na sasa zimepita 14, ndiye wa kupigiwa kwanza. Usimtumie tangazo, mtajie kitu chake: “Fundi, ile rangi nyeupe uliyochukua ndoo mbili bado ipo. Ukiniambia leo jioni, kesho saa 2 asubuhi utakuwa nayo.”

Hatua ya 3: Peleka mzigo, lakini kwa hesabu. Oda ya 8 ina faida ghafi ya 2. Usafiri ukila 1, inabaki 1, kwa hiyo oda 5 za namna hiyo kwa siku zinaziba pengo. Oda ya 4 ina faida ya 1, na usafiri unaimaliza yote. Weka kiwango cha chini cha oda, au unganisha oda za upande mmoja katika safari moja. Wengi huharibikiwa hapa: simu zinaita kutwa nzima, ila jioni droo haina kitu.

Usikimbilie kushusha bei. Ukipunguza asilimia 10, faida ya 25 inabaki 15, na itakubidi uuze bidhaa nyingi zaidi kwa karibu theluthi mbili ili kupata faida ileile. Tena asiyepita dukani hata hiyo bei mpya haioni.

Hatua ya 4: Pima baada ya wiki 4. Kama kwako kilichopunguza wateja si soko kuhama bali ni barabara iliyofungwa kwa matengenezo, shikilia hapo ulipo na upunguze kuagiza bidhaa za wapita njia. Kama soko limehama moja kwa moja na bado hujafika 60, fikiria kibanda kule, lakini kwanza kaa siku 3 ukihesabu wanaobeba bidhaa kama zako. Pango la pili likiongeza 5 kwa siku, gharama zinakuwa 20, na kiwango cha kutopata hasara kinapanda kutoka 60 hadi 80.