Anza na H1, H0 itajileta yenyewe
Swali la nadharia tete likikuchanganya andika H1 kwanza, maana H1 ndo kile mtu anachoshuku na H0 inabeba alama ya sawasawa. Mfano mteja anahisi anapunjwa kwenye pakiti za sukari za gramu 1000, basi μ ikiwa wastani halisi wa uzito wa pakiti zote, H1: μ < 1000, H0: μ = 1000, upande mmoja. Ila fundi akitaka tu kujua kama mashine imehama, hapo H1: μ ≠ 1000, pande mbili, ile 0.05 ya kiwango cha umuhimu unaigawa 0.025 kila upande. Usichungulie wastani wa sampuli, eti umeona 985 ndo unaweka <, ushapotea. Inapogoma ni swali likisema kiwanda kinadai "angalau gramu 1000", dai hilo lina usawa ndani yake kwa hiyo linakaa H0: μ ≥ 1000, H1 inabaki <.